Mota ile ile imeungua tena: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu barua ya msimamizi wa matengenezo kwa uongozi

Ninasimamia matengenezo katika kiwanda cha chakula cha mifugo hapa Tanzania. Mwaka mmoja, mota ya kinu chetu namba 2 iliungua mara nne ndani ya miezi sita. Baada ya mara ya nne niliandika barua kwa uongozi kuomba uchunguzi wa chanzo. Tangu hapo wenzangu wa viwanda vingine huniuliza maswali yale yale, nami nimeyakusanya hapa pamoja na barua yenyewe. Mota ni ya kW 30, volti 400, fezi tatu, na huwashwa kwa sta-delta. Ukiziweka akilini namba hizo, mengine yatafuatana vizuri.

Mota iungue mara ngapi ndipo niandike barua?

Mara mbili, ikiwa ni mota ile ile mahali pale pale. Mota iliyofungwa vizuri na kulindwa vizuri hufanya kazi miaka mingi, kwa hiyo ikiungua mara moja unaweza kusema ni ajali au uzee. Ikiungua tena baada ya miezi miwili ikiwa imesukwa upya, mota yenyewe haina hatia tena, na kuna kitu kinachoiunguza. Mimi nilichelewa. Nilinyamaza hadi mara ya nne kwa sababu kila mara fundi wa kusuka alituletea mota inayong'aa, kinu kikanguruma, na kila mtu akarudi kwenye shughuli zake.

Meneja nimeshamwambia kwa mdomo. Barua ya nini?

Maneno ya mdomo huishia kwenye korido. Meneja akikusikia saa mbili asubuhi, hadi saa nne ameshasikia habari za lori lililokwama na mahindi yenye unyevu. Barua huingia kwenye faili, hupewa namba ya kumbukumbu, na anayeipokea hulazimika kuandika kitu pembeni: "Tekeleza", "Tujadili", au "Subiri bajeti". Hata hilo la mwisho ni jibu, kwa maana uamuzi sasa una mwenyewe.

Kuna sababu ya pili, na kwangu ndiyo kubwa. Ukikaa kuandika unalazimika kuhesabu. Kabla ya kuandika nilikuwa nasema "inaungua kila siku". Nilipofungua daftari la matengenezo nikakuta tarehe nne, na tarehe hizo zikanionyesha jambo ambalo sikuwa nimeliona.

Nikusanye nini kabla ya kushika kalamu?

Tarehe ya kila tukio, shifti iliyokuwa kazini, siku ambazo kinu kilisimama, na risiti za kusuka. Kisha nenda stoo uombe hati za kutolea vifaa vya umeme, kuanzia miezi mitatu kabla ya mota kuungua mara ya kwanza. Hapo wengi hawaendi. Mimi nilikuta hati ya mwezi Februari ikionyesha ovalodi mpya imetolewa kwa ajili ya kinu namba 2. Mota iliungua mara ya kwanza tarehe 6 Machi.

Cha tatu ni mota iliyoungua yenyewe. Usiiache iende kwa fundi kabla ya kuifungua na kupiga picha koili zote, upande wa mbele na wa nyuma. Fundi akishakata waya na kuchoma vanishi, ushahidi umekwenda na moshi.

Koili zilizoungua zinaweza kusema nini?

Mengi, ukizitazama kwa utulivu. Ukikuta koili zote tatu zimekuwa nyeusi sawasawa mduara mzima, mota imechoka kwa mzigo mkubwa wa muda mrefu, au imekosa upepo kwa sababu feni imevunjika au mapezi yamezibwa na vumbi. Ukikuta sehemu moja ndogo imeyeyuka na nyingine zote ni safi, tafuta waya uliochubuka, maji, au uchafu ulioingia ndani. Rota ikiwa imekwaruza steta, tazama beringi kwanza.

Ila kuna picha moja ambayo fundi umeme anapaswa kuitambua hata akiamshwa usingizini, nayo ni ya mota iliyofanya kazi kwa fezi mbili. Koili huwa zimegawanyika katika makundi yanayojirudia kuzunguka steta, mengine meusi kama mkaa na mengine yakiwa na rangi ya vanishi mpya. Katika mota iliyofungwa sta, fezi mbili huungua na moja hubaki safi. Katika mota iliyofungwa delta, fezi moja huungua na mbili hubaki safi.

Mota yetu hukimbia katika delta. Nilipoifungua tarehe 11 Agosti nikakuta theluthi moja ya koili ni nyeusi, na theluthi mbili ningeweza kukuonyesha ukadhani zimesukwa jana. Nilimpigia fundi wa kusuka nikamuuliza zile tatu za mwanzo zilikuwaje. Akanijibu, "Mkuu, mota yenu kila ikija ni kundi moja tu limeungua. Nilidhani mnajua."

Barua yenyewe ilikuwaje?

Hii hapa. Nimeondoa jina la kiwanda na namba ya kumbukumbu.

> Meneja Mkuu,
> K.K. Meneja Uzalishaji
>
> 14 Agosti
>
> YAH: KUUNGUA MARA KWA MARA KWA MOTA YA KINU NA. 2 NA OMBI LA KUCHUNGUZA CHANZO
>
> Husika na kichwa cha habari hapo juu.
>
> 2. Mota ya kinu namba 2 (kW 30) imeungua mara nne: tarehe 6 Machi, 2 Mei, 19 Juni na 11 Agosti. Mara tatu za kwanza ilisukwa upya na kurudishwa bila sababu ya kuungua kuchunguzwa. Sehemu ya lawama hiyo ni ya idara yangu.
>
> 3. Gharama za kusuka, pamoja na ya sasa, ni shilingi 4,600,000. Kinu kimesimama jumla ya siku 12. Kwa saa 16 za kazi kwa siku na tani 2 kwa saa, ni tani 384 ambazo hazikusagwa. Naomba Mhasibu aweke thamani yake.
>
> 4. Nimeifungua mota kabla ya kuipeleka kwa fundi. Fezi moja tu kati ya tatu imeungua, na fundi anathibitisha kuwa hata mara tatu zilizopita ilikuwa hivyo. Dalili hii inaelekeza kwenye kukosekana kwa fezi moja wakati mota inafanya kazi. Picha zimeambatishwa.
>
> 5. Dalili hiyo haijaonyesha fezi inapotea wapi, wala kwa nini ovalodi haikukata. Bila kuyajua hayo mawili, naamini mota itaungua mara ya tano.
>
> 6. Naomba kibali cha mambo matatu: (a) kinu namba 2 kisimame kwa muda wa saa 6 baada ya mota kurudi, ili njia yote ya umeme kutoka bodi kuu hadi kwenye mota ikaguliwe, (b) saa 2 za kupima mota ikiwa na mzigo kamili, opereta wa shifti akiwapo, (c) kuanzia sasa, mota yoyote iliyoungua isitoke kiwandani kabla idara yangu haijaifungua na kuandika ilivyokutwa.
>
> 7. Taarifa ya matokeo nitaiwasilisha ndani ya siku 10 tangu kupata kibali. Vifaa vya kupimia tunavyo. Gharama za marekebisho, zikihitajika, nitaziombea baada ya uchunguzi.
>
> Naomba kuwasilisha.
>
> Msimamizi wa Matengenezo

Ni ukurasa mmoja. Meneja wetu aliirudisha siku iliyofuata akiwa ameandika pembeni: "(a) na (b) sawa, fanyeni Jumapili. (c) kuanzia leo."

Kwa nini hukusema moja kwa moja kwamba ni fezi imepotea? Ulikuwa na uhakika.

Nilikuwa na uhakika wa kilichoiunguza mota. Kilichosababisha fezi ipotee sikukijua, na hayo ni mambo mawili. Ningeandika "chanzo ni kukosekana kwa fezi", jibu lingekuwa kununua rilei ya kulinda fezi, kuifunga, na faili kufungwa. Mota isingeungua, lakini kinu kingekuwa kinazimika kila siku, na baada ya wiki mbili mtu angeiruka ile rilei kwa kipande cha waya. Usicheke, nimeviona vipande hivyo vya waya kwa macho yangu.

Ndiyo maana aya ya 4 inasema nilichokiona na aya ya 5 inasema nisichokijua. Mkubwa anayesoma huona kwamba saa 6 ninazoomba zina kazi.

Na ile sentensi ya kujilaumu katika aya ya 2, ilikuwa lazima?

Kwangu ilikuwa lazima kwa sababu ni kweli. Mimi ndiye niliyetia sahihi mota irudishwe, mara tatu. Barua ya namna hii ikinusa kulaumu waendeshaji, stoo au manunuzi, kila idara itaanza kujitetea, na Jumapili hutapata mtu wa kukueleza ukweli.

Meneja akisema "nunueni mota kubwa zaidi"?

Hili huja karibu kila mara, na linasikika kama busara. Muulize kwanza mota iliyopo inavuta ampia ngapi ikiwa na mzigo. Kibao cha mota yetu kinasema ampia 55, na kinu kikishiba mahindi tulikuwa tunapata wastani wa 47. Mota haikuzidiwa hata kidogo. Ya kW 37 ingeungua pia, ila ingechukua muda zaidi na kusukwa kwa bei kubwa zaidi. Ikiwa kweli ampia zinazidi za kwenye kibao, hapo maneno ya meneja yana uzito, lakini hata hivyo angalia kwanza chekecheke iliyoziba na nyundo zilizoisha kabla ya kugusa bajeti.

Jumapili ile mlipata nini?

Tulianza na mota ikiwa na mzigo. Klampu mita ilionyesha ampia 52 fezi nyekundu, 49 njano, 41 bluu. Wastani ni 47, na bluu iko chini kwa zaidi ya asilimia 13. Tofauti ya volti huzaa tofauti ya ampia mara 6 hadi 10 ya ukubwa wake, kwa hiyo kasoro ndogo sana ya volti ilitosha kuleta picha hiyo.

Tukaweka mita ya volti juu ya kila kiungo cha fezi ya bluu, ncha moja upande huu wa kiungo na nyingine upande wa pili, mota ikiendelea kuzunguka. Kazi hii ni ya fundi mwenye glavu za umeme na mwenzake pembeni, wala haiharakishwi. Kwenye viungo vizuri mita haikufika hata volti 0.1. Tulipofika kwenye kishikio cha fyuzi cha fezi ya bluu ikasoma volti 9. Zidisha kwa ampia 41 upate karibu wati 370 za joto ndani ya sanduku lililofungwa.

Tulizima, tukafunga swichi kuu kwa kufuli, tukahakikisha hakuna umeme, tukafungua. Kebo ilikuwa ya alumini, imebanwa kwa lagi ya kawaida juu ya shina la shaba. Boliti niliigeuza kwa vidole. Plastiki ya kishikio ilikuwa imegeuka rangi kama ya chai ya maziwa, na upande wa ndani wa lagi ulikuwa na vitundu vidogo vya cheche. Bodi hiyo imefungwa kwenye ukuta mmoja na kinu. Kinu kikitetemeka, kiungo kinaachia, kikitulia, kinashika. Fezi ya bluu ilikuwa inakuja na kuondoka.

Sawa, lakini ovalodi ilikuwa wapi?

Hapa ndipo ile hati ya stoo iliponiuma.

Katika sta-delta ya kawaida, ovalodi hukaa chini ya kontakta kuu. Mahali hapo haipitishi ampia zote za laini, inapitisha ampia za koili, ambazo katika delta ni za laini ukigawanya kwa 1.73. Kwa mota ya ampia 55, koili inabeba 32, na ovalodi inapaswa kuwekwa 32. Yetu ilikuwa imewekwa 55, kama kibao kinavyosema. Kosa hili nimelikuta viwanda vingi, na anayelifanya huwa ni fundi mwangalifu aliyesoma kibao vizuri.

Sasa tufuate kilichotokea. Mota inavuta 47, fezi moja inapotea. Mzigo haupungui, kwa hiyo laini mbili zilizobaki zinapanda karibu mara 1.73, yaani ampia 81. Katika delta, koili iliyo moja kwa moja kati ya laini hizo mbili inabeba theluthi mbili, yaani 54. Koili nyingine mbili, zilizofuatana kwa mstari mmoja, zinagawana theluthi iliyobaki, yaani 27 kila moja. Koili moja imetengenezewa 32 na inabeba 54. Joto hupanda kwa mraba wa ampia, kwa hiyo ni karibu mara tatu ya kawaida yake. Zile mbili, kwa 27, zimestarehe kabisa. Ovalodi iliyowekwa 55 inaona 54 na kunyamaza. Ingekuwa kwenye 32, ingekata ndani ya dakika chache.

Ovalodi ya zamani ilikuwa ya kati ya 30 na 40, na ilikuwa imewekwa sawa. Kuanzia Januari ilikuwa inakata mara kwa mara, waendeshaji wakalalamika, na Februari ikabadilishwa kwa ya kati ya 48 na 65, "kwa kuwa ya zamani ni mbovu". Haikuwa mbovu. Ilikuwa inatuambia fezi ya bluu inapotea, nasi tukaing'oa.

Fundi wetu alipima volti kabla ya kuwasha, zote 400. Iweje fezi ikosekane?

Kiungo kilicholegea hupitisha volti vizuri kabisa kama hakuna mzigo, kwa sababu mita yenyewe haivuti ampia za maana. Udhaifu huonekana ampia zikipita. Na kuna mtego mwingine: mota inayozunguka kwa fezi mbili huzalisha yenyewe volti kwenye ile fezi iliyokufa, hasa ikiwa na mzigo mdogo, na ukiweka testa inawaka. Kwa hiyo pima ampia za fezi zote tatu, mota ikiwa kazini.

Mtego huo huo huzidanganya baadhi ya rilei za kulinda fezi zinazotazama volti pekee. Sisi tulichagua ovalodi ya kielektroniki inayotazama ampia za kila fezi. Ukiamua kufunga ile ya volti, ichukulie volti baada ya fyuzi. Ikiwa juu ya fyuzi, fezi ikikatika chini yake haitajua.

Je, fundi wa kusuka hawezi kuwa ndiye chanzo?

Anaweza, na uchunguzi wa haki lazima umpitie. Ili kutoa koili za zamani mota hupashwa moto, na joto la chuma cha steta halipaswi kuzidi nyuzi 370 hivi. Anayechoma kwa kuni na dizeli uwanjani hajui amefika wapi. Vanishi iliyo kati ya mabati ya steta ikiungua, mota hupata joto hata bila mzigo. Wengine huweka waya mwembamba zaidi kwa sababu ndio uliopo. Muombe aandike idadi ya mizunguko na unene wa waya aliotoa na aliorudisha, na pima ampia bila mzigo kila mota inaporudi, ulinganishe na za mara iliyopita.

Wa kwetu alikuwa msafi. Tena mota ingekuwa na kasoro ya kusukwa, isingeungua kundi moja tu mara nne mfululizo.

Uongozi usipojibu?

Subiri siku saba, kisha andika kumbukumbu ya mistari mitatu inayotaja barua ya kwanza na tarehe yake. Wakati huo huo fanya yasiyohitaji kibali: kagua mpangilio wa ovalodi, na pima ampia kila shifti.

Marekebisho yaligharimu nini, na mlijuaje kwamba yamefaulu?

Tuliweka lagi za alumini kwa shaba kwenye fezi zote tatu, vishikio vipya vya fyuzi, ovalodi ya kielektroniki iliyowekwa 32, na bodi tukaihamishia ukuta usiotetemeka. Vyote pamoja havikufika gharama ya kusuka mota mara mbili. Ndani ya mlango wa bodi tulibandika karatasi: "Ovalodi hii ni 32. Usiiweke 55. Ikikata, ita msimamizi."

Jumatatu yake ampia zilikuwa 48, 47, 47. Kwa mwezi mmoja opereta aliziandika kila shifti, nasi tulipima mota kwa mega ya volti 500 kila Jumapili. Kiwango cha chini kinachokubalika kwa mota ndogo kama hii ni megaomu 5, na yetu haikushuka chini ya 200. Ovalodi imekata mara moja tu tangu hapo, chekecheke ilipoziba kwa kamba ya gunia. Opereta aliniita. Tulitoa kamba, tukasubiri ipoe, tukawasha.